Mtoto aliandika alichosikia: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Kiswahili shuleni Uganda

Waheshimiwa mliokabidhiwa mitaala, mitihani na mafunzo ya walimu,

Salaam nyingi. Ijumaa iliyopita nilifunga muhula wa semina na walimu wanafunzi wanaosomea kufundisha Kiswahili. Jumatatu wanaingia madarasani kwa mazoezi ya kufundisha. Siku kama hiyo mwalimu husimama, akashukuru, akawatakia kheri, kisha watu wakatoka kupiga picha. Nilishukuru, na nilishukuru kwa moyo wote, lakini hotuba yangu iliishia kwenye maswali ambayo sikuweza kuyajibu. Baadhi yake hayawezi kujibiwa na mwalimu yeyote peke yake, kwa kuwa jibu lake liko mezani kwenu. Ndiyo maana ninayaleta hadharani.

Tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima tangu shule za msingi. Hayo mnayajua kuliko mimi. Ninachotaka mkijue ni kile kinachotokea mtoto wa Masaka au Mukono anapoandika neno "habari".

Anaandika "habali".

Semina yetu ya muhula mzima ilizunguka hapo, kwenye herufi mbili tu, l na r. Mwanzoni niliandaa mambo mengi, ngeli, nyakati, ufahamu. Wanafunzi wangu ndio walionivuta nyuma. Walikuwa wakileta maandishi ya watoto kutoka shule walizowahi kujitolea, wengine wakipanda bodaboda kwa nauli zao ili wayapate, na kila rundo lilipofunguliwa mezani lilikuwa na miduara ile ile ya wino mwekundu. Niliwaambia Ijumaa, na narudia hapa: ahsanteni kwa kukataa kuugeuza ukurasa. Mimi nimelelewa Tororo katika nyumba za watu wa reli, Kiswahili kilikuwa lugha ya uani kwetu, na kwa miaka mingi nilidhani "habali" ni uzembe. Ninyi wenye Kiganda cha mama ndio mlionionyesha mpangilio uliomo ndani yake.

Mpangilio wenyewe huu. Katika Kiganda l na r hazishindani kama zinavyoshindana katika Kiswahili. Ni kama sauti moja yenye nguo mbili, na irabu iliyotangulia ndiyo inayochagua nguo. Ikitangulia i au e, huandikwa r. Kwingineko kote, hata mwanzoni mwa neno, huandikwa l. Mtu mwema ni "omulungi", vitu vyema ni "ebirungi". Mzizi ni ule ule, kiambishi tu kimebadilika, na herufi ikabadilika nacho. Hakuna Mganda anayefundishwa kulitamka hivyo. Analinyonya pamoja na maziwa.

Kanuni hiyo haikuyaacha hata maneno yaliyopanda kutoka pwani. Sukari ilipofika huku ikawa "ssukaali", kwa sababu imetanguliwa na a. Meli ikawa "emmeeri", kwa sababu ya e. Dirisha likawa "eddirisa", r yake ikasalimika maana kabla yake kuna i. Na barua, kitu hiki hiki ninachowaandikia, ikawa "ebbaluwa". Hakuna mkutano ulioketi kuamua hayo.

Tulipolielewa jambo hili tuliligeuza kuwa mtihani wa sisi wenyewe. Kabla ya kwenda shuleni kutoa imla, tuliandika kwenye karatasi jinsi watoto watakavyoandika kila neno, tukaifunga kwenye bahasha. Tulitabiri "kalibu", "bahali", "lafiki", "mbiri", "erimu". Tulitabiri pia kwamba "serikali" na "mwalimu" yataandikwa sawasawa bila shida, kwa kuwa hapo kanuni ya Kiganda na tahajia ya Kiswahili zinakubaliana. Jioni tulipofungua bahasha, karibu kila neno lilikaa pale tulipolitarajia. Kosa la uzembe halitabiriki hivyo. Mtoto mzembe angekosea pia "serikali".

Maneno mawili yalitukatalia. Tulitarajia "askali" na "safali", watoto wengi wakaandika "askari" na "safari" kama inavyotakiwa. Tulijadili hilo wiki nzima. Mmoja wa wanafunzi wangu, wa kutoka Lira, ndiye aliyesema kwamba askari ni neno la kila geti la nchi hii hata kwa asiyejua Kiswahili, na safari imeandikwa kwenye magari ya watalii barabara nzima ya Entebbe. Watoto hawa wamelisoma neno kabla ya kulisikia darasani, na jicho likalishinda sikio. Nadhani alisema kweli, lakini maneno mawili hayatoshi kuthibitisha, na hilo likawa swali la kwanza nililowaachia: mtoto wa Kiganda asomeshwe kwanza kwa sikio au kwa jicho? Nikisema kwa jicho, ninamaanisha vitabu mkononi mwa kila mtoto, vitabu vya hadithi vya kusoma hadi jalada lichakae. Nikisema kwa sikio, ninamaanisha sauti za kusikiliza. Shule nyingi tulizokwenda hazina hiki wala kile. Zina mwalimu na ubao.

Basi niruhusuni nifungue mbele yenu andiko moja la mtoto wa kidato cha kwanza, jina nimelificha. Alitakiwa aandike barua kwa rafiki, akaanza hivi:

"Habali yako lafiki yangu. Mimi ni mzima. Jana nilikwenda mbari na baba kununua sukali na karamu mbiri."

Mwalimu wake alizungusha wino mwekundu mara sita, na pembeni akaandika: "Jifunze kuandika!" Kwa macho ya haraka ni makosa sita ya aina moja. Kwenye semina tuliyapanga upya. Habali, lafiki, sukali na mbiri yanafuata kanuni ya Kiganda bila kupinda: l baada ya a na mwanzoni mwa neno, r baada ya i. Mbili kwa Kiganda ni "bbiri", mtoto ameisikia hata ndani ya lugha yake. Lakini tazameni "mbari" na "karamu". Alitaka kusema mbali na kalamu. Hapo kuna a kabla ya herufi, na Kiganda chake kingempa l, yaani kingempa jibu sahihi. Sikio lake lilikuwa sawa. Akaliacha, akaweka r.

Kwa nini? Kwa sababu amekwisha kuadhibiwa. Amezungushiwa wino kwenye "habali" mara nyingi kiasi kwamba amehitimisha kuwa l ndiyo adui, na kila anapoiona inakuja anaiua. Sasa amenunua karamu, yaani sherehe ya kula na kunywa, badala ya kalamu ya kuandikia. Kwa njia hiyo hiyo mahali huwa mahari, fahali wa zizini akawa fahari. Kosa la kwanza limetoka nyumbani. Kosa la pili limetengenezwa na sisi walimu.

Namna ya kuyatenga ni rahisi, na niliwaomba wanafunzi wangu wasiisahau hata wakisahau mengine yote. Tazama irabu iliyotangulia. Ukiona l isiyostahili baada ya a, o au u, au mwanzoni mwa neno, au r isiyostahili baada ya i au e, hiyo ni kanuni ya mama yake mtoto, na dawa yake ni kumfundisha kusikia tofauti. Ukiona kinyume chake katika daftari la mtoto wa Kiganda, hiyo ni hofu, na ukiongeza wino utaiongeza. Kuna mpaka wa kipimo hiki. Ukienda Mbarara hakifai, kwa sababu Kinyankole kimeelemea r karibu kila mahali. Wanachokiita Waganda "okulya", Wanyankole hukiita "okurya". Huko r baada ya a inaweza kuwa ya nyumbani kabisa. Mwalimu asiyejua mtoto ametoka kwa akina nani hawezi kulisoma kosa lake.

Kuna jambo moja zaidi katika andiko lile, na hadi leo linanisumbua. Mtoto aliandika "nilikwenda" bila kosa, ingawa kanuni ya Kiganda ingetaka "nirikwenda". Amefundishwa viambishi vya wakati kwa kukariri, -na-, -li-, -ta-, -me-, akaviimba hadi vikakaa. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani inashindika. Inashindika kwa kurudia, bila kelele na bila wino.

Sasa nifike kwenye wiki ya sita, ambayo kwangu ndiyo semina yenyewe. Mmoja wa wanafunzi wangu, binti mwenye bidii kuliko wengi, Kiganda ndiyo lugha yake, alileta imla aliyoitoa kwa darasa zima. Watoto karibu wote waliandika "kupiga kula" badala ya "kupiga kura". Alikuwa ameshawakemea. Tukamwomba asome sentensi zile zile kwenye simu, tukamrekodi, kisha tukaicheza rekodi kwa mwenzake wa Gulu, ambaye Kiacholi chake kinazitenga l na r kama Kiswahili. Tulimwambia aandike anachosikia, asifikirie maana. Aliandika "kula" kwa kura, na "kula" kwa kula.

Binti yule aliketi kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe watoto walinisikia vizuri."

Waheshimiwa, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Watoto walikatwa alama kwa kusikiliza kwa uaminifu. Mwalimu naye hakuwa na hatia, kwa sababu katika mafunzo yake yote hakuna aliyewahi kumketisha akamfundisha kuitamka r, ncha ya ulimi ikitetemeka kwenye ufizi wa juu, mbali na l, ambayo ulimi hutulia pale pale na pumzi ikapita pembeni. Yeye alipewa orodha ya ngeli, akapewa fasihi, akapewa cheti. Baada ya wiki hiyo tulifanya zoezi moja kila asubuhi: mmoja anasimama nyuma ya wenzake, au anafunika mdomo kwa daftari, anatamka kula, kura, mahali, mahari, na wenzake wanainua mkono wa kushoto au wa kulia kulingana na walichosikia. Mikono ikipingana, mtamkaji anarudia. Tulianza kwa mikono iliyotawanyika kama mashina ya ndizi baada ya upepo. Mwisho wa muhula iliinuka upande mmoja, si kwa kila mtu na si kwa kila neno, lakini binti yule sasa kura yake inasikika kura.

Nilimshukuru mbele ya wote. Si rahisi mtu mzima kukubali kwamba amewakemea watoto kwa kosa lake, na angeweza kulificha. Nilimshukuru na kijana wa Gulu, aliyefanywa sikio la darasa muhula mzima wala hakujivuna, kwa sababu alijua zamu yake inakuja. Kiacholi hakina ngeli kama za Kibantu, na s nayo kikiipokea kwenye neno geni huibadilisha, ndiyo maana shule kwao ni "cukul". Mganda anayekosea "habali" haoni taabu kusema kitabu kizuri, vitabu vizuri, kwa kuwa Kiganda kina ki- na bi- zake. Mwacholi anaandika habari sawasawa na kupotelea kwenye upatanisho wa kisarufi. Mtihani ni mmoja kwa wote wawili.

Hapo nikawaachia swali la pili, na hili nalileta kwenu moja kwa moja. Mtoto anapoandika "habali" mara tano katika insha moja, amekosa mara tano au mara moja? Nimekuta walimu wanaokata alama kila inapotokea, na wengine wanaokata mara moja tu kwa kuwa chanzo ni kimoja. Watoto wa shule mbili zilizopakana wanaweza kuandika insha ile ile, wakatoka na alama za mbali kabisa. Mimi nina maoni yangu: kosa lenye kanuni moja lihesabiwe mara moja, lisahihishwe wazi, na alama zaidi zipotee pale tu maana inapopotea, kama kwenye karamu na kalamu. Lakini maoni yangu si mwongozo wa usahihishaji. Mwongozo ni wenu, na ningependa uwe na mstari unaolitaja jambo hili kwa jina, uandikwe baada ya kuwasikiliza walimu wa Masaka, wa Gulu na wa Mbarara wakiwa wameketi pamoja.

Swali la tatu liliulizwa na mwanafunzi, mimi nikalibeba tu. Ni lini kosa linageuka kuwa lafudhi? Watu wa Mombasa husema "ndoo" pale Kiswahili sanifu kinaposema "njoo", na hakuna anayedai sikio lao ni bovu. Kiswahili chenyewe hubadilisha sauti hizi hizi zikikutana na n: ulimi, ndimi, mrefu, ndefu. Mganda akiongea Kiswahili fasaha, chenye mawazo na heshima, na l zake zikakaa pale Kiganda kinapoziweka, ahesabiwe hajui lugha? Katika maandishi nina msimamo: sanifu ni sanifu, na wa Mombasa naye huandika njoo kwenye mtihani. Katika mazungumzo sijui mstari upite wapi. Nakumbuka kwamba Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili, iliyoundwa 1930, ilikuwa ya Uganda pia, na kuanzia 1952 iliwahi kuwa na makao Makerere. Sanifu hii ilikaa kilimani kwetu miaka kadhaa. Hatuizungumzii kama wageni, na hivyo tuna haki ya kuuliza.

Ninaomba vitu vichache. Mstari huo kwenye mwongozo wa usahihishaji. Saa za kutamka na kusikiliza ndani ya mafunzo ya kila mwalimu wa Kiswahili, zikiwa sehemu ya somo lenye kupimwa, zisiachwe kwa hisani ya mkufunzi mmoja. Na rekodi za sauti, jozi za maneno kama kula na kura zilizosomwa na watu wa sauti tofauti, zinazoweza kuchezwa kwenye simu ya kawaida bila intaneti, ili mwalimu ambaye ulimi wake bado unajifunza asiwe chanzo pekee cha sauti darasani. Simu mwalimu anayo tayari. Kinachokosekana ni faili.

Wanafunzi wangu niliwaombea safari njema, nikawaomba wanirudishie maandishi ya watoto mwisho wa mazoezi, yakiwa na tarehe na lugha ya nyumbani ya kila mtoto, tuone kama maneno mawili ya "askari" na "safari" yatapata wenzao. Walipokuwa wanatoka, binti yule wa wiki ya sita alibaki mlangoni. Aliniuliza: Jumatatu mtoto akimletea "habali", na mkuu wa shule amekwisha mwambia kila kosa likatwe alama, afanye nini?

Nilimwambia asahihishe neno kwa kalamu ya risasi, asome naye kwa sauti, na alama aisubirishe hadi nitakapopata jibu kwenu. Anaanza Jumatatu.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, Uganda